Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuondoa ukanda wa maandishi chini ya picha kwa kuukata

Hapa Lamu tuko watu wachache tunaokusanya picha za vyombo vya baharini na za milango ya nakshi, tukiziweka pamoja mtaa kwa mtaa. Picha nyingi tunazoletewa zina ukanda chini, mweusi au mweupe, wenye maandishi: jina la mahali, tarehe, jina la aliyepiga, pengine na namba ya simu. Wengine hutaka ukanda utoke ili picha ichapwe, itundikwe ukumbini au iwekwe kwenye kumbukumbu ya familia. Maswali ni yale yale kila mara, nami nimeyajibu hapa kwa kirefu. Mfano wangu mkubwa ni picha moja ya jahazi lililofunga gatini, ambayo niliishughulikia mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nianzie wapi? Nichukue simu nikate tu?

Hapana. Kwanza jiulize kama ukanda umeongezwa chini ya picha au umelazwa juu ya picha. Ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa kwa macho yanafanana.

Kuna programu zinazorefusha picha: huchukua picha nzima, huongeza kipande kipya chini yake, na maandishi huandikwa kwenye kipande hicho. Ukikikata, picha inarudi kama ilivyokuwa na hakuna kilichopotea. Nyingine hazirefushi chochote. Huchukua sehemu ya chini ya picha yenyewe na kuipaka rangi, kisha maandishi yakaandikwa juu ya rangi hiyo. Kilichokuwa pale chini, iwe maji, mchanga au miguu ya mtu, kimekwisha kufunikwa. Kukata kutaondoa ukanda, lakini hakutarudisha kilichofunikwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nitajuaje ni aina ipi?

Tazama vipimo vya picha. Kwenye simu utavikuta kwenye maelezo ya picha. Kwenye kompyuta, ukiwa na programu ya ImageMagick, andika:

```
identify jahazi.jpg
```

Kamera nyingi za simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, na kamera kubwa nyingi kwa 3 kwa 2. Kwa hiyo picha ya 4 kwa 3 yenye upana wa pikseli 1600 itakuwa na kimo cha 1200. Sasa, tuseme umeletewa picha ya 1600 kwa 1284, na ukipima ukanda unaona una pikseli 84. Toa 84 kwenye 1284, inabaki 1200 kamili. Huo ni ukanda ulioongezwa chini. Kata bila wasiwasi.

Lakini kama picha yote pamoja na ukanda wake ni 1600 kwa 1200, basi ukanda umo ndani ya picha. Ukiutoa zinabaki 1116, uwiano ambao si wa kamera yoyote ya kawaida. Hapo jua umefunikiwa kitu.

Dalili hii hudanganya kama picha ilikwisha kukatwa na mtu mwingine kabla yako, kwa hiyo tumia na macho. Tazama kitu kinachoshuka kuelekea kwenye ukanda, kama mguu wa punda, kizingiti cha mlango au kivuli cha chombo majini. Kikiwa kimekatika ghafla pale ukanda unapoanza, ukanda umekifunika. Na kama ukanda wenyewe ni wa kuonyesha kidogo, kama kioo cha giza ambamo mawimbi yanaonekana kwa mbali, hakuna haja ya hesabu, umelazwa juu.

Ukiona umelazwa juu, unafanya nini?

Naitafuta picha ya asili kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi aliyeweka ukanda bado ana ile isiyo na ukanda kwenye simu yake. Namwomba aitume kama hati, si kama picha ya kawaida, maana programu za ujumbe huipunguza picha na kuibana upya ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini hati hupita kama ilivyo.

Ikikosekana, nauliza kilichofunikwa kina thamani gani. Katika ile picha ya jahazi ukanda ulifunika maji matupu mbele ya gati, na ubavu wa chombo ulikuwa mzima kutoka omo hadi tezi. Hapo nilikata. Lakini niliwahi kuletewa picha ya mlango ambayo ukanda ulikaa juu ya kizingiti na ncha za chini za miimo. Kuikata ingekuwa kuuacha mlango ukining'inia hewani, na mtu anayesoma nakshi anataka kuona miimo inavyoshuka hadi kizingitini. Ile nilimrudishia mwenyewe na ukanda wake, nikamwambia akipiga upya itakuwa bora zaidi, kwa sababu mlango uko Mkomani na haujahama.

Kukata kunapunguza ubora wa picha?

Hili ndilo swali lenye mengi, na jibu linategemea unakata kwa njia gani.

Ukikata kwa simu, programu hufungua picha, hutoa sehemu uliyoichagua, kisha huibana upya kuwa faili mpya ya JPEG. Kule kubana upya ndiko kunakopunguza ubora, kukata kwenyewe hakuna kosa. Mara moja hutaona tofauti. Lakini picha inayokatwa leo, ikapakwa mwanga kesho, ikatumwa keshokutwa, kila mara ikibanwa, huanza kuonyesha vijisanduku na ukungu kuzunguka kamba na milingoti.

Iko njia ya kukata JPEG bila kuibana upya. Picha ya JPEG haihifadhiwi pikseli moja moja. Imegawanywa katika vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae kimebanwa peke yake, kama sakafu iliyopangwa vigae. Programu iitwayo jpegtran huweza kuondoa vigae usivyovitaka na kuacha vingine bila hata kuvifungua. Vilivyobaki ni vile vile vya mwanzo.

Kizuizi chake ni kimoja: vigae huhesabiwa kutoka pembe ya juu kushoto. Ukitaka kukata juu au kushoto, ni lazima ukate kwenye mpaka wa kigae, la sivyo programu itakusogezea mstari wenyewe. Lakini chini na kulia hakuna sharti hilo, maana kigae cha mwisho kinaruhusiwa kuonekana nusu. Na ukanda wetu uko chini. Kwa hiyo kazi hii ni mojawapo ya zile chache ambazo JPEG inaweza kufanyiwa bila kudhurika hata kidogo, na nasikitika kuona watu wakiifanya kwa njia inayodhuru kwa sababu tu hawakuambiwa.

Basi nikate pale pale ukanda unapoanzia?

Unaweza, lakini mara nyingi nakata juu kidogo zaidi. Nieleze kwa picha ya jahazi.

Picha ilikuwa 1600 kwa 1200. Niliifungua kwa GIMP, nikaikuza hadi asilimia 800, nikaweka kishale pale bahari inapokutana na weusi wa ukanda, nikasoma namba za mahali kishale kilipo, zinazoandikwa chini kushoto kwenye dirisha. Mistari 1116 ya juu ilikuwa picha, na 84 ya chini ilikuwa ukanda.

Sasa gawanya 1116 kwa 8. Unapata vigae 139 kamili, ambavyo ni mistari 1112, na inabaki mistari 4. Maana yake kigae cha 140 kilikuwa na mistari minne ya bahari na minne ya ukanda mweusi, vyote vimebanwa pamoja. Kigae kinapobanwa hivyo, mpaka mkali kati ya maji meupe na weusi humwaga madoa pande zote mbili, ndani ya kigae hicho. Ukikata kwenye 1116 kamili, ukanda utatoka, lakini mistari minne ya mwisho ya bahari itakuwa na chembechembe za giza, kama uchafu uliobaki ukingoni. Watu huziona baada ya kuchapa na kudhani mashine ya kuchapia ina hitilafu.

Rangi ina mpaka mpana zaidi. JPEG nyingi za simu huhifadhi rangi kwa nusu ya usahihi wa mwanga, hivyo kigae cha rangi hufunika mistari 16 badala ya 8. Ukigawanya 1116 kwa 16 unapata 69 kamili, yaani mistari 1104, na inabaki 12. Kama ukanda ni mweusi au wa kijivu, rangi haina shida kubwa. Kama ni mwekundu au wa kijani, hiyo mistari 12 huweza kuwa imetiwa rangi ya ukanda kidogo. Kutaka kujua kama picha yako ni ya aina hiyo, andika:

```
identify -format "%[jpeg:sampling-factor]" jahazi.jpg
```

Ukiona `2x2` mwanzoni, hesabu kwa 16. Ukiona `1x1` mwanzoni, hesabu kwa 8.

Ukanda wa jahazi ulikuwa mweusi, lakini ulikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu juu yake, kwa hiyo nilishuka hadi 1104. Nilipoteza mistari 12 ya maji juu ya zile 84 za ukanda. Mistari 12 katika 1116 ni kama asilimia moja, hakuna atakayeilalamikia. Laiti ingekuwa sehemu yenye uso wa mtu au maandishi ya jina la chombo, ningebaki na 1116 na kuvumilia madoa.

Kwa ile picha ya 1600 kwa 1284 mambo ni mepesi: 1200 inagawanyika kwa 16 mara 75 bila kubaki kitu. Ukanda ulianza kwenye mpaka wa kigae, kwa hiyo haukumwaga chochote juu. Isipokuwa picha iwe imekuzwa au imepunguzwa baada ya kuwekwa ukanda. Hapo ukingo wa ukanda wenyewe huwa na ukungu wa mstari mmoja au miwili, na inafaa kupanda kigae kimoja juu.

Amri yenyewe ni ipi?

Hii hapa niliyotumia kwa jahazi:

```
jpegtran -copy all -crop 1600x1104+0+0 -outfile jahazi-safi.jpg jahazi.jpg
```

Namba za `1600x1104` ni upana na kimo unavyotaka vibaki. `+0+0` inamaanisha anza pembe ya juu kushoto, usikate chochote huko. `-copy all` huhamisha maelezo yote yaliyo ndani ya faili: tarehe, kamera na kadhalika. Kwenye Debian na Ubuntu programu hii huja katika kifurushi cha `libjpeg-turbo-progs`. Anayetumia Windows anaweza kutumia IrfanView pamoja na programu-jalizi yake ya kukata JPEG bila kubana upya.

Faili ya matokeo iwe na jina jipya, na ile ya mwanzo usiifute.

Sina kompyuta. Kwa simu inafaa?

Inafaa, ukikubali ile hasara ndogo ya kubana mara moja. Vitu viwili huharibu kazi ya simu kuliko kule kubana.

La kwanza ni uwiano. Ukifungua sehemu ya kukata, programu nyingi hufunga uwiano, na ukivuta ukingo wa chini, pande za kushoto na kulia nazo zinaingia ndani. Chagua uwiano huru, kisha vuta ukingo wa chini peke yake. La pili ni kidole kugusa kile kipimo cha kunyoosha picha. Picha ikizungushwa hata kwa nusu nyuzi, kila pikseli inahesabiwa upya na picha yote inalegea kidogo. Ukiona namba ya kunyoosha si sifuri, rudisha.

Kuza picha kwa vidole viwili hadi uone ukingo wa ukanda vizuri, kisha pandisha mstari juu yake kwa unene kama wa uzi. Usiukate ukanda sawasawa, kidole si sahihi kiasi hicho.

Nimekata, lakini bado kuna mstari mwembamba chini.

Hilo linatokea kila siku. Ukanda mwingi una mstari wa mapambo au kivuli juu yake, na kwenye skrini ya simu havionekani. Chukua kipande cha chini cha picha yako mpya ukikuze:

```
magick jahazi-safi.jpg -gravity South -crop 200x16+0+0 +repage -scale 800% chini.png
```

Amri hii haigusi picha yako. Inakutolea kipande kidogo cha katikati chini, kikiwa kimekuzwa mara nane. Maji au mchanga yakiendelea hadi ukingoni bila kubadilika, umemaliza. Ukiona safu moja iliyo nyeusi au yenye rangi isiyohusiana na iliyo juu yake, rudi kwenye faili ya asili, si kwenye uliyoikata, na upandishe kigae kimoja.

Nilikata chini, ikakatika ubavuni! Kwa nini?

Picha iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima mara nyingi huhifadhiwa ikiwa imelala, na ndani ya faili kuna alama inayoiambia programu iizungushe wakati wa kuionyesha. Wewe unaona imesimama, jpegtran inaiona imelala. Soma alama hiyo kwa programu iitwayo exiftool, hivi:

```
exiftool -Orientation -n picha.jpg
```

Ikisema 1, au isiposema kitu, chini unayoiona ndiyo chini ya faili. Ikisema 6, ambayo ni ya kawaida kwa simu wima, chini unayoiona ni upande wa kulia wa faili, kwa hiyo punguza namba ya upana badala ya kimo. Bado una bahati, maana kulia nako hakuna sharti la mpaka wa kigae. Ikisema 8, chini ni kushoto kwa faili, na ikisema 3, chini ni juu; katika hali hizo sharti la kigae linarudi.

Kwa kawaida programu inayoweka ukanda huwa imekwisha kuisimamisha picha kabisa, ndiyo maana tatizo hili ni la mara chache. Lakini likikupata bila kujua chanzo chake, unaweza kupoteza jioni nzima.

Ukanda ulikuwa na namba yangu ya simu. Ukikatwa, umetoka kweli?

Kwenye picha inayoonekana, ndiyo. Ndani ya faili, hakikisha. Kamera nyingi huweka kijipicha kidogo ndani ya faili, cha kuonyeshwa haraka kwenye orodha za picha. Baadhi ya programu hukitengeneza upya picha ikibadilika, nyingine hazikigusi. Na `-copy all` hukihamisha jinsi kilivyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na jahazi safi lenye kijipicha cha zamani ndani, ukanda wake ukiwa mzima. Kitoe ukitazame:

```
exiftool -b -ThumbnailImage jahazi-safi.jpg > kijipicha.jpg
```

Kikiwa na ukanda, kifute:

```
exiftool -ThumbnailImage= jahazi-safi.jpg
```

exiftool itaacha nakala ya faili ya awali yenye `_original` mwishoni mwa jina. Usije ukaituma hiyo kwa makosa. Kijipicha ni kidogo sana, na namba ya simu pengine haisomeki humo, lakini herufi kubwa husomeka.

Kwenye iPhone, ukikata ndani ya programu ya Photos, picha ya mwanzo inabaki na inaweza kurudishwa. Ukimpa mtu simu yako anaweza kuirudisha. Na picha uliyoikata ndani ya hati ya Word bado ina sehemu iliyokatwa mpaka uchague kuzifuta sehemu hizo. Kwa hiyo kata picha kwanza, ndipo uiweke kwenye hati.

Naruhusiwa kuondoa ukanda wenye jina la mpiga picha?

Kama picha ni yako, au mwenyewe amekubali, hakuna neno. Kama si yako, muulize. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na kumkatia jina lake ili picha ionekane haina mwenyewe ni kumnyang'anya haki hiyo. Hata picha zilizotolewa kwa leseni huru zinazodai jina litajwe, kama CC BY, zinaruhusu kukata, lakini zinataka jina litajwe kwa njia inayofaa na isemwe kwamba picha imebadilishwa.

Vijana wetu wanaopiga picha wakati wa Maulidi na mashindano ya mashua wanaishi kwa majina yao. Ule ukanda ndio kibandiko chao cha duka. Tukiukata, jina lihamie mahali pengine panapoonekana.

Maandishi yaliyokuwa kwenye ukanda niyaweke wapi?

Yaandike kabla ya kukata. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanzoni nilikata ukanda wa picha kadhaa za milango nikifurahia jinsi zinavyopendeza, na mmoja wa ukanda huo ulikuwa na jina la nyumba. Picha ya asili ilifutwa. Mlango ninao, mzuri, wenye mwaka uliochongwa kwa tarakimu za Kiarabu juu yake, na hadi leo sijapata mtu wa kuniambia ni wa nyumba ipi.

Sasa nayaingiza maneno ndani ya faili yenyewe, hivi:

```
exiftool -ImageDescription="Jahazi gatini, Lamu" -Artist="Jina la mpiga picha" jahazi.jpg
```

Kisha ndipo nakata, na `-copy all` huyahamisha hadi kwenye faili mpya. Lakini usitegemee hilo peke yake, kwa sababu programu nyingi za ujumbe hufuta maelezo ya ndani picha inapotumwa. Mimi huandika pia kwenye daftari: jina la faili, maneno yote ya ukanda kama yalivyo hata yakiwa na makosa ya herufi, na aliyenipa.

Nina picha mia zenye ukanda ule ule. Nikate moja moja?

Zikiwa na vipimo sawa kabisa na ukanda wa kimo kile kile, zikate pamoja:

```
mkdir safi
for f in *.jpg; do jpegtran -copy all -crop 1600x1104+0+0 -outfile safi/"$f" "$f"; done
```

Tenga kwanza zilizolala na zilizosimama, kila kundi na namba zake. Na kabla ya kuendesha, fungua tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Programu zinazoweka ukanda mara nyingi hupandisha kimo chake maandishi yakiwa marefu na kushuka mstari wa pili. Picha moja yenye jina refu la mahali hubaki na nusu ya ukanda wake, nawe hutajua mpaka mtu akuonyeshe.

Picha ya zamani iliyoskaniwa, yenye ukanda mweupe wa maelezo. Nayo nikate?

Postikadi za zamani za pwani huwa na mstari wa maneno chini, na ukanda huo ni sehemu ya postikadi. Mimi nisingeukata kwenye nakala kuu. Ukihitaji picha peke yake kwa ajili ya kuchapa, tengeneza nakala ya pili. Kabla ya kuikata inyooshe, kwa sababu karatasi iliyolala upande kwenye skana huwa na ukanda wenye mteremko: ukikata kwa mstari ulionyooka, kona moja itabaki na weupe na nyingine itapoteza picha. Hapa kuzungusha kunakubalika, maana hakuna njia nyingine. Skani kwa TIFF au PNG, ambazo hazipotezi kitu zikikatwa na kuhifadhiwa upya, na ufanye JPEG mwishoni kabisa.

Baada ya kukata picha haiingii kwenye fremu. Nifanyeje?

Jahazi langu sasa ni 1600 kwa 1104. Karatasi ya inchi 6 kwa 4 inataka uwiano wa 3 kwa 2, yaani 1600 kwa 1067 hivi. Studio ikiachiwa iamue, itakata mistari 37 iliyozidi popote itakapopenda, na kwa kawaida hugawa juu na chini. Chini tumekwisha kukata vya kutosha, na maji yaliyobaki mbele ya chombo ni kidogo. Kwa hiyo nilitengeneza nakala ya kuchapa peke yake na kuitoa yote 37 juu, mbinguni, nikiangalia ncha ya mlingoti isiguswe. Kwa pikseli 300 kwa inchi, upana wa 1600 unatoa sentimita 13.5, na inchi 6 ni zaidi kidogo ya 15, kwa hiyo ilichapwa kwa pikseli 267 kwa inchi. Kwa mkono bado ilionekana kali, kamba zote zikihesabika.

Nakala ya 1104 niliiacha kama ilivyo, pamoja na ile yenye ukanda, kwenye folda moja.